Taka ziko nyuma ya kanisa. Kanisa gani?

Wasee, wengi mmeniuliza nilienda wapi nilipoacha chuo. Nilikuwa natengeneza namba ya meseji ya taka, nikiijaribu kwa ploti chache Wote na zingine Kitui mjini. Unatuma meseji, kijana wa mkokoteni anakuja. Si apu, kwa sababu susu wangu ana kabambe na yeye pia ana taka.

Mwanzo nilitaka watu waandike `TAKA#ENEO#NYUMBA`. Meseji ya kwanza ikaingia: "Taka bado ziko hapa nyuma ya kanisa." Manze, Wote ina makanisa mangapi? Nyumba zetu hazina namba, na mtu aliyekasirika hawezi kukumbuka alama za reli. Nikabadilisha. Kila ploti ikapata kodi fupi kama W17, imeandikwa getini. Unajisajili mara moja, simu yako inajulikana ni ya ploti gani. Baada ya hapo unatuma neno moja tu:

```
TAKA
Sawa. W17, Jumanne.
```

Jibu lazima liwe fupi. Meseji moja inabeba herufi 160, lakini ukiweka emoji hata moja inashuka hadi 70, na ukizidi hapo unalipia zaidi ya meseji moja. Nililipia vikaragosi vya pipa wiki nzima kabla sijagundua. Usicheke.

Kazi ngumu ilikuwa malalamiko ya kurukwa. Watu wa W17 walianza kutuma "hamjakuja" saa tatu asubuhi, na mkokoteni hupita saa tisa. Tena watatu wa ploti hiyo hiyo wakaripoti, kwenye orodha yangu zikaonekana kama ploti tatu zimerukwa. Sasa neno RUKWA nalihesabu kuanzia saa kumi na mbili jioni, na ripoti zote za ploti moja zinakuwa kesi moja. Ukituma mapema unajibiwa kwamba siku bado haijaisha.

Halafu nani anafunga kesi? Niliwapa watu wa mkokoteni. Kila jioni zote zilikuwa zimefungwa, nikajisifu sana, mpaka nikapita getini W17 nikakuta magunia bado yamekaa palepale, nzi wamejaa. Kumbe mtu alikuwa anazifunga akiwa kwake nyumbani. Sasa kesi inafungwa na aliyelalamika. Anaulizwa:

```
W17: zimechukuliwa?
1 Ndiyo  2 La
```

Akijibu 2, kesi inabaki wazi na kesho inakuwa ya kwanza kwenye orodha. Asipojibu siiandiki kama imefungwa, naiweka kando na kumpigia msimamizi wa ploti. Kujibu ni bure kwake, mimi ndiye nalipa. Nilipojaribu kumtoza hata shilingi moja, watu walinyamaza, na kwenye orodha yangu kimya kinafanana kabisa na kazi nzuri.

Wiki jana dada mmoja alihamia Kitui na laini yake ileile. Akatuma TAKA, mkokoteni ukaenda kumtafuta Wote. Hiyo bado sijaitatua.