Watu 17 walisifia mafunzo ambayo hawakufika

Wacha nianze na aibu yangu. Mwaka jana mimi na mabeshte tuliandaa mafunzo ya bure ya kuhariri video kwa simu, kwenye ukumbi mmoja hapa Eastlands. Waliojisajili mtandaoni walikuwa 112. Waliofika walikuwa 49, na 8 kati yao hata hawakuwa wamejisajili, waliletwa tu na marafiki.

Beshte yangu wa mitambo aliniambia siku hiyo hiyo, "Buda, watu wa nyuma hawakusikia kitu. Hizi spika ni noma." Nikamwambia tungoje maoni ya watu.

Nilikaa siku tisa ndio nikatuma fomu ya maoni, tena kwa wote 112. Majibu yalikuja 36, wastani 4.1 kwa 5. Nikamtumia beshte picha ya hizo alama, nikaandika, "Umeona? Spika ziko sawa." Hakujibu.

Kilichonishtua ni jibu moja. Mtu alitupa 5 halafu akaandika, "Pole sikuweza kufika, lakini najua ilikuwa poa." Nikacheki fomu yangu vizuri. Swali la alama lilikuwa la lazima, na hakukuwa na mahali pa kusema "sikufika". Mtu mwenye adabu anayejiskia vibaya kwa kukosa atafanya nini? Atakupa tano.

Ikabidi nioanishe majibu na daftari la mlangoni. Majina hayasaidii, kwa sababu mtu anajisajili kwa jina la Instagram halafu mlangoni anaandika la kitambulisho. Nikatumia namba za simu. Shida ni kwamba mmoja anaandika 07, mwingine +254, na Sheets yenyewe hupenda kula ile sifuri ya mbele. Dawa ni kulinganisha tarakimu tisa za mwisho pekee. Niliandika namba za daftari kwa tarakimu tisa kwenye safu ya C ya ukurasa niliouita Waliofika. Kwenye ukurasa wa majibu, namba zilikuwa safu ya B:

```
=IF(COUNTIF(Waliofika!C:C,RIGHT(SUBSTITUTE(B2," ",""),9))>0,"alifika","hakufika")
```

Nikavuta fomula mpaka chini. Wanne hawakuwa wameacha namba, hao nikawaweka kando. Waliofika walikuwa 15, na wastani wao ulikuwa 3.2. Wasiofika walikuwa 17, wastani karibu 4.8. Na wale 8 walioletwa na marafiki hawakupata fomu kabisa, kwa sababu nilitumia orodha ya usajili. Yaani niliuliza watu ambao hawakuwa ndani, nikaacha watu ambao walikuwa ndani.

Kati ya wale 15, sita walitaja sauti. Wengine waliandika "ilikuwa sawa" na kuishia hapo. Siwalaumu. Baada ya siku tisa, nani anakumbuka alikosa kusikia sehemu gani?

Raundi ya pili tulibadilisha mambo mawili. Kwanza, tuligawa orodha kabla ya kutuma. Waliofika, pamoja na walioletwa, walipata linki yao. Wasiofika walipata nyingine. Hivyo majibu yanajitenga yenyewe bila kumuuliza mtu namba yake, na mtu ambaye hajulikani husema ukweli zaidi. Wasiofika hatukuwauliza alama. Tuliwauliza kitu kimoja tu: nini kilikuzuia? Wengi walijibu kwamba walisahau. Siku hizi tunatuma meseji ya kuwakumbusha asubuhi ya siku yenyewe.

Pili, muda. Waliofika tuliwapa dakika tatu za kujaza maswali matatu kabla ya picha ya pamoja, maana baada ya picha kila mtu anawaza matatu. Wenye hawakuwa na bando tuliwatumia linki jioni hiyo hiyo. Lakini jibu la papo hapo lina kasoro yake: mtu bado ana furaha, na wewe umesimama mbele yake. Linakuambia vizuri kuhusu sauti, viti na kasi ya mwalimu. Halikuambii kama mtu alijifunza. Hilo tunaliuliza baada ya wiki mbili, kwa swali moja: umeshahariri video yoyote tangu siku ile?

Bado kuna mashimo. Kuna anayejisajili kwa namba ya mamake, na kuna anayesaini mlangoni halafu anatoka baada ya dakika kumi. Daftari linajua nani aliingia, halijui nani alikaa.

Spika tulibadilisha. Beshte nilimwomba msamaha, na nikamtumia zile alama mbili, 3.2 na 4.8, bila maneno mengi. Alinijibu kwa neno moja: "Ndio."

Sasa semeni ukweli hapo chini: nani hapa ashawahi kupea tano kitu ambacho hakufika?