Picha nne kabla ya kutuma pesa



Siku hizi wengi wetu hatusafiri tena kwenda kuchagua mabalo. Muuzaji wa Kampala au wa Butembo anatuma picha kwa WhatsApp, wewe uko Makiso au Mangobo unaangalia simu, unatuma pesa, na mzigo unakuja kwa barabara ya Beni. Ukifika, hakuna kurudisha. Nimeuza mapatalo ya jinzi kwa miaka mingi, na wamama wananiletea simu zao niangalie kabla hawajalipa. Leo niandike namna ninavyoangalia, nikichukua jinzi moja tu, Levi's 501, kwa sababu vijana wetu wanaiomba kwa namba yake na ndiyo inayoigwa sana.

Mwezi uliopita mama mmoja wa likelemba yetu alipata zamu yake. Muuzaji alimwonyesha mapatalo 12, akisema yote ni 501 za mtumba kutoka Ulaya, dola 9 kila moja. Hiyo ni dola 108, karibu zamu yote. Picha zilikuwa nzuri: mapatalo yamekunjwa, kiraka cha ngozi cha nyuma ya kiuno kinaonekana. Lakini kiraka ndicho kitu cha kwanza ambacho mwigaji anakitengeneza vizuri, kwa sababu ndicho kinachoangaliwa na kila mtu. Nikamwambia aombe picha nne za kila patalo: ribiti kwa upande wa ndani, butoni ya juu kwa upande wa nyuma, nyuzi za mfuko wa nyuma karibu na karatasi nyeupe, na etiketi ya ndani pande zote mbili.

Tuanze na ribiti, yaani ile misumari midogo ya rangi ya shaba kwenye kona za mifuko. Asili yake inatugusa wanawake. Mwishoni mwa 1870 au mwanzoni mwa 1871, huko Nevada, Amerika, mke wa mfanyakazi mmoja alimwomba fundi wa kushona, Jacob Davis, patalo la mume wake lisilopasuka mifuko. Davis akakaza kona kwa ribiti. Tarehe 20 Mei 1873 yeye na mfanyabiashara Levi Strauss wakapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi huo. Kwenye 501 ya kawaida utahesabu ribiti sita: mbili kila mfuko wa mbele, na mbili kwenye kile kimfuko kidogo. Mifuko ya nyuma haina ribiti tangu 1966, inakazwa kwa uzi. Basi usikatae patalo kwa sababu hiyo.

Kwa nini ninaomba upande wa ndani? Kwa sababu mbele panapambwa, ndani panasahauliwa. Kiwandani ribiti za patalo moja zinagongwa kwa namna moja, basi migongo yake inafanana: duara safi, imelala kwenye kitambaa. Ukiona moja imepinda, nyingine ina ncha inayochoma kidole, na ya tatu imetoboa kitambaa pembeni, hiyo ni kazi ya haraka. Ikiwa tano zinafanana na moja tu ni tofauti, kuna mtu aliyerekebisha. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Pili ni butoni ya juu. Geuza upande wa nyuma, utaona namba au herufi zilizopigwa kwenye chuma. Ni alama ya kiwanda. Kwenye mapatalo mengi alama hiyo inaandikwa pia kwenye etiketi ya ndani, na hapo ndipo kazi ilipo: si kujua maana ya namba, ni kuona kama vitu viwili vinasema neno moja. Mapatalo matatu ya yule mama yalikuwa na 524 kwenye butoni na 524 kwenye etiketi. Nikayaweka upande wa mazuri.

Tatu ni uzi. Picha inadanganya rangi. Chini ya taa ya njano hata uzi mweupe unageuka chungwa. Ndiyo sababu ya karatasi nyeupe: ikiwa karatasi inaonekana njano, usihukumu rangi kwa picha hiyo. Mimi natafuta kama rangi inabadilika ghafla mahali pamoja. Uzi uliochakaa kote na kipande kimoja kinachong'aa ni alama ya fundi wetu, amerudisha mfuko au amefupisha mguu. Patalo lililofupishwa ni halali, lakini urefu ulioandikwa kwenye kiraka si wa kweli tena, na bei yake inashuka.

Mwisho ni etiketi, na hapo ndipo mzigo ule ulipojulikana. Etiketi za miaka ya karibuni zina namba tano, kistari, halafu namba nne. Tano za kwanza ni aina: 00501 ni 501. Nne za mwisho ni rangi na namna ya kufuliwa kiwandani, kwa mfano 00501-0114. Mapatalo saba yalikuwa na kiraka cha 501, lakini etiketi zote saba zilisema 00505-0260. Tena 505 inafungwa kwa zipu, na haya yalikuwa na butoni mbele. Viraka vilisema kiuno 30, 34 na 36; etiketi zote zilisema 32. Kwenye mstari wa Kifaransa, ambao kila mmoja wetu anausoma, neno la pamba liliandikwa kwa Kiingereza.

Mjiulize, wamama: mtumba unatoka kwenye nyumba za watu mbalimbali, wamenunua miaka mbalimbali. Saba zitakuwaje na etiketi moja, neno kwa neno? Ni etiketi zilizokatwa kutoka bunda moja na kushonwa kwa kila saizi.

Yalibaki mawili. Moja lilikuwa na namba ile ile kwenye butoni na etiketi. La pili lilikuwa na butoni isiyo na alama yoyote, na yule mama alitaka kulikataa. Nikamwonyesha kwamba ribiti zake sita zinafanana, kiraka na etiketi vinakubaliana kwa aina na kwa saizi, na kitambaa karibu na butoni kina tundu la zamani. Butoni ilianguka, ikawekwa nyingine. Alama moja peke yake haihukumu.

Alinunua matano kwa dola 45, na dola 63 zikabaki mkononi. Muuzaji hakubishana, alishusha yale saba mpaka dola 4. Kuyanunua kwa bei hiyo si dhambi, kitambaa chake ni kizuma, mradi yauzwe sokoni kama jinzi ya kawaida, si kama 501.

Picha haina vidole. Haikuambii uzito wa kitambaa, wala harufu, wala kama kitambaa cha katikati ya miguu kimekwisha. Na mwigaji hodari anaweza kulinganisha namba zote. Kwa hiyo ombeni picha hizo nne kila mara. Muuzaji anayesema hana muda wa kugeuza butoni amekwisha kuwajibu.