Mzaha Unaomwachia Mtu Mlango

Wazee wetu walisema kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Maneno hayo ni kweli, lakini si kila mzaha hutumbuka usaha. Upo mzaha ambao mtu akitaniwa hucheka kuliko wote, na jioni humtafuta aliyemtania wale pamoja. Upo na mwingine ambao hata mwenye kuusema hujuta kabla hajafunga kinywa. Mimi nimefikiri sana juu ya tofauti ya mizaha hiyo miwili, na nimeona kwamba haitoki katika ukali wa maneno. Hutoka katika kitu kinachotaniwa: ama ni jambo alilolichagua mtu mwenyewe, ama ni jambo alilozaliwa nalo, yaani mwili wake, wazazi wake au asili yake.

Nitaeleza kwa mfano nilioushuhudia huku kwetu ufukoni mwa ziwa Nyasa, katika nchi iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga mpaka mwaka 2012, ilipopata kuwa wilaya ya Nyasa. Wasomaji wengi wanaijua ngoma ya mganda. Kwa wale wasioijua, mganda ni ngoma ya wanaume iliyokua kando ya ziwa hili baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa kuiga gwaride na bendi za askari. Wachezaji husimama safu safu, nguo nyeupe, wakipiga hatua pamoja. Vyombo vyao ni ngoma pamoja na vibuyu virefu vyenye tundu dogo lililofunikwa kwa utando wa buibui, navyo mtu akiimba ndani yake hutoa sauti kama ya tarumbeta. Kijiji hualika kijiji, na wageni huja na nyimbo zao. Katika nyimbo hizo wenyeji hawakosi kutaniwa.

Basi, mwaka huo, katika kijiji kimoja kati ya Liuli na Lituhi, alikuwako mvuvi mmoja aliyeuza usipa wake vizuri. Fedha zile angeweza kununulia nyavu mpya, maana za kwake zilikuwa na matundu ya kupitisha paka. Yeye alinunua suti nyeusi ya sufu, yenye vifungo vitatu. Nanyi mnajua joto la ufukoni. Aliivaa kanisani, aliivaa mnadani, na watu walisema kwamba usiku mmoja alionekana nayo ndani ya mtumbwi, karabai ikiwaka mbele yake.

Kiongozi wa nyimbo wa kundi la wageni alikuwa amekwisha kupata habari. Ngoma ilipokolea, akaimba kwamba usipa wa ziwa waliiona taa, wakafurahi, wakapanda juu. Lakini walipoiona ile suti wakarudi chini mbio, wakidhani ni bwana ushuru amekuja kuwahesabu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini mchangani. Yule mvuvi naye alicheka. Kisha akaingia katikati ya uwanja, akavua koti, akamvika mwimbaji, akasema, "Bwana mwimbaji, hebu vaa wewe kidogo, tuone kama na ngoma itakimbia." Koti lilimfika mwimbaji magotini. Wakacheka upya, na safari hii waliomcheka mwimbaji ni wengi zaidi.

Yafaa tuangalie vizuri lililotokea hapo. Mvuvi alitaniwa mbele ya kijiji kizima, na kwa jambo la kweli. Lakini suti ile aliichagua mwenyewe. Kwa hiyo alikuwa na majibu mengi mkononi. Angeweza kuitetea, angeweza kuivua, angeweza kusema mwakani atanunua nyavu. Yeye alichagua kuirudisha kwa aliyemtania. Mzaha ule ulimwachia mlango, naye akatoka kwa mlango huo akiwa mkubwa kuliko alivyoingia.

Sasa sikilizeni la pili. Katika kundi lile la wageni alikuwako kijana mmoja ambaye aliona jinsi mwenzake alivyosifiwa, akatamani na yeye. Yule mvuvi, tangu utoto wake, mguu wake mmoja ni mfupi kidogo, huenda akichechemea. Kijana akaimba kwamba mama yake alimzaa ndani ya mtumbwi katikati ya mawimbi, ndiyo sababu mguu mmoja ulibaki majini. Wachache walianza kucheka, kisha wakanyamaza. Mpiga ngoma akakosa mdundo. Mama wa mvuvi, naye ni bibi mzee, alikuwa ameketi pamoja na akina mama waliongoja kucheza kihoda. Akainuka, akajifunga kitenge chake, akaenda zake nyumbani bila ya kusema neno. Na mbele kabisa, kati ya watoto, palikuwa na mvulana wa nyumba nyingine ambaye mguu wake umepinda. Nilimwona akiufukia mguu ule mchangani taratibu.

Mvuvi hakujibu. Angejibu nini? Hawezi kuurefusha mguu. Hawezi kuzaliwa tena mahali pengine. Kama angekasirika, wangesema hana moyo wa ngoma. Kama angecheka, angekuwa amemcheka mama yake. Pande zote zilikuwa zimefungwa.

Wazee walisimamisha ngoma. Walimtoza kijana kuku mmoja, wakamwamuru aende mwenyewe mpaka mlangoni kwa yule bibi, apige magoti na kusema, "Shikamoo, bibi. Nimekosa." Bibi alimsamehe. Lakini mwaka uliofuata kundi lile halikualikwa.

Mtu mmoja, ngoma moja, saa moja. Mzaha wa kwanza ukajenga, wa pili ukabomoa. Kwa sababu gani?

Sababu ya kwanza nimekwisha kuitaja, nayo ni majibu. Mzaha ni kama mpira: haunogi mpaka mwingine aweze kuurudisha. Sababu ya pili ni kwamba mzaha juu ya chaguo humpiga mmoja tu, lakini mzaha juu ya mwili au ukoo hupiga wengi wasiokusudiwa. Hapakuwa na mtu mwingine uwanjani mwenye suti ya sufu. Lakini alikuwako mama, na alikuwako mvulana mwenye mguu uliopinda, nao wote wawili walipigwa na wimbo ambao mwimbaji hakuwa na habari nao. Sababu ya tatu ni ya ufundi. Ili kumtania mtu kwa chaguo lake, yakupasa uwe umemwangalia na kumfahamu: alipata nini, alihitaji nini, akanunua nini. Kuuona mguu mfupi hakuhitaji akili yoyote. Hata mgeni apitaye njiani huuona. Wasikilizaji wanalijua jambo hilo hata kama hawalisemi, ndiyo maana kicheko cha pili kilikatika upesi.

Lakini hapo pana mtego, nasi wanafunzi ndio tunaonaswa mara kwa mara. Yako mambo mengi ambayo kwa macho ni chaguo, na kwa kweli siyo. Mwenzetu akija shuleni na kandambili zilizoshonwa kwa waya, hakuzichagua. Mtoto wa ufukoni akiitwa "mla muhogo" na mwenzake wa milimani, hakuchagua muhogo. Ardhi yetu ya mchanga ndiyo iliyouchagua, kama vile miinuko ya Umatengo ilivyowachagulia wenyeji wake kulima kwa ngoro, yale mashimo yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua. Vivyo hivyo na matamshi. Mtu akisema Kiswahili kwa sauti ya lugha ya mama yake, kumcheka ni kumcheka mama yake.

Mimi hupima hivi. Najiuliza kwanza: je, jana angeweza kufanya vingine kwa fedha na nguvu alizokuwa nazo? Pili: je, akitaka, kesho aweza kubadili? Kama jibu la swali mojawapo ni hapana, naliacha jambo hilo. Mwanafunzi anayenunua kalamu nne za rangi nne na hana daftari la kuandikia, huyo ametuletea mzaha mwenyewe. Mwanafunzi asiye na kalamu wala daftari hakutuletea kitu ila haja ya kuazimwa.

Pengine msomaji atauliza: mbona watani hutukanana ukoo na kabila, wala hawagombani? Swali hilo ni la haki, hasa katika mkoa wetu wa Ruvuma. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882, na leo ni watani. Mngoni humwita Mhehe mtumwa wake, na Mhehe humjibu vivyo hivyo. Hata msibani mtani huja akajilaza kaburini, asitoke mpaka apewe chochote.

Jibu langu ni kwamba utani una mipaka yake inayojulikana. Kila upande una haki sawa ya kusema, na matusi yenyewe ni ya wote. Hayamchagui mmoja mwenye jeraha. Mhehe anayeitwa mtumwa aweza kurudisha neno lile lile papo hapo, kwa hiyo mlango haukufungwa. Tena, angalieni mtani hodari anavyofanya msibani. Humwiga marehemu jinsi alivyokuwa akificha sukari wageni wakija, au alivyokuwa akiahidi kulipa deni "Jumatatu" bila ya kusema Jumatatu ipi. Hayo ni machaguo ya marehemu, nao wafiwa hucheka katikati ya machozi kwa sababu wamemwona tena kama alivyokuwa. Sijaona mtani mwenye sifa akiuiga ugonjwa uliomwua.

Mwisho, iko njia ya kutambua kama umekosea, hata kama hukukusudia. Usisikilize kicheko cha umati, maana umati hucheka kwa kuogopa kuachwa peke yake. Mwangalie yule uliyemtania. Akikutazama wewe na kutafuta neno la kukurudishia, mchezo unaendelea. Akitazama chini, au akigeuka kuona ni nani wanaocheka, basi umempiga mahali pasipo mlango. Hapo usimwambie kwamba ulikuwa ukitania tu. Hilo humfanya yeye awe mkosaji kwa kuumia. Mfuate, kama yule kijana alivyoamriwa kufika mlangoni kwa bibi, umwombe radhi kwa maneno machache.

Kuhusu mvuvi wetu, suti ile anayo mpaka leo. Nyavu alinunua msimu uliofuata, na husema mwenyewe kwamba ni wimbo wa usipa uliompeleka dukani. Ule wimbo wa pili haujaimbwa tena na mtu yeyote.