Kurasa Mbili za Muhogo

Pendekezo langu la utafiti lina kurasa 34. Mfadhili anataka andiko dhana la kurasa 2, herufi za ukubwa wa 11, bajeti humohumo. Kwenye mchujo wa kwanza hatafungua kitu kingine. Akizipenda hizo mbili, ndipo ataomba pendekezo kamili. Asipozipenda, utafiti wangu wa uzamili utafanyika kwa pesa nitakazookoteza, yaani utafanyika nusu.

Nilikuja kulikatia nyumbani, Maramba, kwa sababu chumba cha kupanga chuoni kinalipiwa na huku ninalala bure. Pia muhogo ninaouandikia uko nyuma ya nyumba.

Utafiti unahusu ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Kwa asiyeujua: mmea unaweza kusimama vizuri tu, majani ya chini yakapata madoa ya njano kandokando ya mishipa, kisha yakazeeka na kuanguka kama majani yote. Ukija kuukata mzizi ndipo unakuta kuoza kwa kahawia, kukavu, kugumu kama kizibo. Ugonjwa huambukizwa na inzi weupe, lakini safari ndefu huusafirisha mtu mwenyewe, kwa mbegu. Na mbegu ya muhogo ni kipande cha shina, ambacho hakionyeshi mzizi wake ulikuwaje.

Njia inayomjia kila mtu haraka ni kupunguza kila sura kwa uwiano: mapitio ya maandiko aya moja, kiunzi cha nadharia aya moja, mbinu aya mbili. Nimesoma maandiko kadhaa ya wenzangu yaliyokatwa hivyo. Kila kitu kimo na hakuna kinachoonekana. Yamejaa sentensi za aina ya "utafiti huu utachangia usalama wa chakula kwa wakulima wadogo". Nina kipimo kimoja cha sentensi za namna hiyo: toa muhogo weka mahindi, toa Maramba weka Mbeya. Sentensi ikiendelea kusimama, ifutwe. Kipimo hicho peke yake kiliondoa karibu ukurasa mzima wa utangulizi wangu.

Ukweli ni kwamba maandishi haya mawili hayajibu swali moja. Pendekezo la chuo linathibitisha kuwa ninajua kufanya utafiti, ndiyo maana lina kurasa 4 za historia. Na historia yenyewe inanivutia, kwa sababu ni ya hapahapa: ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milima hiihii ya Usambara Mashariki. Kwa miaka mingi uliaminika kuwa tatizo la ukanda wa chini wa pwani, mpaka ulipoonekana Uganda kwenye miinuko mwaka 2004. Mchujaji hahitaji hayo. Anauliza pesa yake itanunua jibu gani. Kurasa 4 zikawa sentensi moja, na Storey akabaki nje.

Kazi ngumu ilikuwa kwenye malengo mahususi. Nilikuwa nayo 4: kupima ugonjwa umeenea kiasi gani, kutambua maabara ni virusi vipi kati ya aina mbili zinazojulikana, kupima uelewa wa wakulima, na kufuatilia mbegu zinavyosafiri kati ya kaya. Idara inalipenda la pili. Mimi pia, kwa sababu ndilo lingenifundisha maabara. Lakini tangazo la mfadhili linahusu mbegu safi, na lengo hilo lilikula zaidi ya nusu ya bajeti. Na andiko dhana linafunga mkono: ukivuka mchujo, pendekezo kamili lazima lifanane nalo. Nikilitoa kwenye kurasa 2, nimelitoa kwenye pesa hizi moja kwa moja. Nililitoa. Nililala siku mbili nikiwa na hasira na mtu nisiyemjua.

Likabaki la nne, na hata hilo lilikuwa pana mno. Jioni moja nilimsomea shangazi kwa Kiswahili nilichokuwa nimefikia, kwamba nitachunguza vigezo ambavyo wakulima hutumia kuchagua mbegu baada ya kuvuna.

"Baada ya kuvuna?" akauliza. "Nani anang'oa kwanza? Jirani akija kuomba mbegu unamkatia shina juu, kisiki unakiacha. Mzizi wa kwako bado unaula."

"Kwa hiyo hujauona mzizi wakati unatoa mbegu?"

"Nitauonaje, mwanangu, na uko chini?"

Kurasa 34 hazikuwa na swali hilo. Andiko dhana likawa nalo peke yake: wakulima wanaozunguka Maramba hutoa mbegu kabla au baada ya kuiona mizizi? Ninalipenda kwa sababu jibu lolote lina kazi. Ikiwa ni baada, ushauri mwepesi unatosha: kata mizizi 5 kwa upana, ukiona kahawia usimpe mtu shina lile. Ikiwa ni kabla, ushauri huo haumfikii mtu kwa wakati, na mfadhili ajue kwamba pesa zinatakiwa kwenda kwenye mashamba ya mbegu.

Swali lilipobadilika, sampuli nayo ikabadilika. Pendekezo lilikuwa na watu 384, namba ambayo wanafunzi wenzangu wanaijua kama namba ya simu ya mama. Inatoka kwenye kanuni ya kukadiria asilimia katika umma mkubwa, kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa la asilimia 5. Inafaa kwa dodoso. Mimi sasa sitaki kuuliza tu, nataka kuona. Kwa hiyo ni kaya 60, kila moja mara 2: siku ya kukata mbegu, ambapo ninaweka alama kwenye visiki, na siku ya kung'oa, ambapo tunakata mizizi ya visiki hivyohivyo.

Ziara 120, 4 kwa siku, ni siku 30. Bodaboda 20,000 kwa siku, msaidizi 25,000, kujikimu 30,000: jumla 2,250,000. Vibali na uchapaji 250,000. Mchujaji anaweza kuizidisha mwenyewe akapata 2,500,000 ileile. Bajeti ya mwanzo ilikuwa milioni 11.

Msimamizi wangu alirudisha rasimu na maneno machache pembeni: "Na Kiroba?" Ni kweli. Kiroba, aina iliyozagaa pwani, huvumilia ugonjwa: inaweza kubeba virusi na mizizi ikabaki safi. Kwa hiyo kukata mizizi kutanionyesha madhara, hakutanionyesha maambukizi yote. Nilifuta sentensi mbili za sifa zangu ili mpaka huo upate nafasi. Yeyote anayejua muhogo angeutafuta, na asipouona angedhani siujui.

Kilichobaki ni kalenda, mstari mmoja: ziara ya kwanza lazima iangukie mwanzo wa vuli, watu wanapotafuta mbegu.

Nimetuma juzi. Mfadhili anasema majibu ya mchujo yatatoka Septemba, kisha pendekezo kamili, kisha mkataba. Vuli ikija kwa wakati ni Oktoba, na shangazi ameshaombwa mbegu na watu wawili. Nimemwomba aniache niwepo siku ya kukata, nimeshanunua rangi ya kuweka alama.