Moto ya kontra ao moto ya kukodi: tuhesabu kwanza na daftari ya motari

Wamama wenzetu, katika mikutano yetu hapa Bukavu swali hili linarudi kila mara. Kijana amemaliza masomo, kazi hakuna, amejifunza kuendesha moto, sasa anakuja kwa mama yake na habari mbili. Bosi mmoja yuko tayari kumpa moto ya kukodi, amulipe kila jioni. Bosi mwingine anamupa moto ya kontra: atalipa kidogo-kidogo, na mwisho moto inakuwa yake. Kijana anapenda ya pili. Na bosi wa pili anataka mama aweke sahihi, ili kijana akishindwa, mama ndiye atalipa.

Sahihi ile ndiyo ilitufanya tukae chini na kalamu. Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa karibu kuiweka. Tulimwomba angoje, kijana aanze na moto ya kukodi, na kila jioni aandike katika daftari ya masomo vitu vitatu: franga zote alizopata, esansi aliyonunua, na kile alicholipa bosi. Siku ya Mungu hatukuiandika, kwa sababu kwa mabosi hawa wote wawili franga za siku ile ni za motari mwenyewe. Tulihesabu dola 1 kwa franga 2 500, ili hesabu iwe nyepesi.

Mwezi wa kwanza, daftari ilionyesha kwamba kijana anapata franga 27 000 kwa siku, tukichanganya siku nzuri na mbaya. Esansi ilikula 8 000. Zilibaki 19 000. Bosi wa kukodi alichukua 12 500, na kijana akarudi nyumbani na 6 500. Ni kidogo, lakini familia ilikula.

Sasa tuweke kontra mahali pa kukodi. Bosi wa kontra alitaka franga 20 000 kila siku, siku sita kwa juma, mpaka malipo yafike 300. Kijana aliyebaki na 19 000 angekosa 1 000 kila jioni, mbele ya kununua hata kilo ya unga. Tena katika kontra ile, matengenezo yote ni ya motari: pine, sheni, freni, wili. Kwa milima yetu freni zinaisha mbio. Tuliuliza mafundi wawili wa garaji, tukagawanya kwa siku, tukaona inafaa kuweka pembeni 3 000 kila siku. Kwa kukodi, motari analipa esansi tu, na bosi anatengeneza moto yake.

Kwa nini motari mpya anapata kidogo? Si kwa sababu ya uvivu. Hana wateja wake bado. Motari wa zamani ana watoto wawili ao watatu wa kupeleka masomoni kila asubuhi, ana mama wa soko la Kadutu anayemwita kwa simu akiwa na mizigo. Mpya anangojea Nyawera nyuma ya wengine, ao anazunguka bila mteja, na esansi inaungua bure. Hajui njia za mkato, na hajui bei ya kupanda Panzi mvua ikinyesha. Siku za mvua kubwa daftari ilionyesha 15 000 tu. Hapa kwetu mvua inaanza mwezi wa 9 na inaendelea mpaka mwezi wa 5; si jambo la juma moja.

Hatari iko hapa: kontra inadai sawasawa siku ya kwanza na siku ya mia tatu, lakini motari anakuwa na nguvu nyuma ya miezi mingi. Katika karatasi ile kulikuwa na neno moja dogo: akikosa siku tatu zenye kufuatana, moto inarudi kwa bosi, na malipo yote ya nyuma yanapotea. Juma moja la mvua linatosha.

Mwezi wa nne tulifungua daftari tena. Kijana alikuwa anapata 38 000, esansi 10 000, zinabaki 28 000. Sasa angeweza kulipa kontra? Ndiyo: 20 000 kwa bosi, 3 000 za matengenezo, 5 000 za chakula. Haibaki hata kumi. Lakini na moto ya kukodi, akilipa 12 500 na kula 5 000 ile ile, zinabaki 10 500.

Wamama, tafazali muangalie vizuri hiyo 10 500. Moto ile, mtu akiinunua mpya kwa mara moja, ilikuwa dola 1 500, ndiyo franga 3 750 000. Kwa kontra, malipo 300 ya 20 000 yanafanya 6 000 000. Basi kungojewa kunagharimu 2 250 000. Lakini yule anayekodi, akiweka 10 500 kila siku ya kazi katika sanduku la kikundi, atafikisha bei ya moto mpya kwa siku 358. Ni siku 58 zaidi kuliko kontra, karibu miezi miwili. Na mwishoni yeye anapata moto mpya kabisa, wa kontra anabaki na moto iliyopanda milima mwaka muzima.

Hesabu hii ina mipaka yake. Inafaa tu kama franga zinatoka mukononi kila jioni, mbele ya kulala. Zikibaki mufukoni, zitaliwa. Kuna vijana ambao bila bosi wa kuwadai hawataweka kitu, na kwao kontra ni kama sanduku lenye kufuli, hata kama kufuli ni ya bei kali. Tena inafaa kama bosi wa kukodi anatengeneza moto kweli. Kama kijana ndiye anayenunua pine, faida inapungua haraka.

Kama nyuma ya miezi mine daftari inaonyesha kwamba kontra inawezekana, na kijana bado anaitaka, kuna mambo manne ya kuuliza mbele ya kuweka sahihi. Moto ikiwa garajini ao kijana akigonjwa, siku zile zinahesabiwa? Akikosa, anapewa siku ngapi, na alizolipa zinaenda wapi? Kila malipo yanaandikwa katika kitabu chenye sahihi mbili? Na la nne, deni limeandikwa kwa dola ao kwa franga? Wateja wanalipa franga. Kwa hesabu yetu, dola 8 ni 20 000. Dola ikipanda mpaka 2 800, dola 8 zile zile zinakuwa 22 400, na bei ya kupanda moto haibadiliki siku ile ile. Omba iandikwe kwa franga.

Mama wa kikundi chetu hakuweka sahihi. Kijana anaendelea kukodi, na kila siku ya posho analeta sandukuni za juma. Daftari iko kwa mama. Juma lililopita mvua iliharibu siku mbili, akaleta 41 000 mahali pa 63 000. Kwa kontra, juma lile lingekuwa juma la deni. Kwa sanduku, ni juma dogo tu.