Ukiona mtu ameshikwa na stima, usimshike

Nitasema kitu ambacho kitaudhi watu wengine. Huku kwetu Ruring'u, na nadhani hata kwenu, tumefunzwa vibaya kuhusu kusaidia. Mtu akianguka, unakimbia unamwinua. Mtoto akilia, unamdaka. Kwa mambo mengi hiyo ni tabia nzuri kabisa. Kwa stima, hiyo tabia ndiyo inaongeza maiti ya pili, kwa sababu yule wa pili huwa ni ndugu, mathe ama jirani aliyekuja kumvuta wa kwanza.

Sababu yake ni rahisi. Stima ya nyumba ni volti 240, na ile karenti inapopita mkononi inafanya misuli ikaze. Ndiyo maana watu husema "stima imemshika", lakini ukweli ni kwamba yeye ndiye ameshika na hawezi kuachilia. Karenti ya miliampea 10 hadi 20 inatosha kufunga mkono hivyo. Balbu ya zamani ya wati 60 inakula kama miliampea 250. Kwa hivyo usidhani lazima iwe stima nyingi ndiyo mtu akwame. Na ukimgusa akiwa bado ameshika, mwili wake ni waya tu kama waya zingine. Unaingia kwa laini.

Tuchukue kisa ambacho kila mtu wa ploti anakielewa: shawa ya maji moto. Asubuhi Nyeri ni baridi ya kufa mtu, kila keja inataka hiyo shawa. Sasa tuseme unasikia kishindo bafuni, unafungua mlango, unapata dadako ameshikilia mfereji, anatetemeka, hawezi kuongea. Sakafu iko na maji.

Usiingie. Simama mlangoni kwanza. Shawa nyingi huwa na swichi yao kubwa nje ya bafu, ukutani, mara nyingi iko na taa ndogo nyekundu. Zima hiyo. Kama hujui iko wapi ama inaonekana imeungua, kimbia uzime meni swichi ya nyumba. Hiyo ni kazi ya sekunde chache, na inamsaidia kuliko wewe kumvuta dakika nzima.

Je, kama meni swichi iko mbali ama imefungiwa? Hapo tu ndipo unatumia kitu kikavu kisichopitisha stima, kama mti wa ufagio ama kiti cha plastiki, umsukume aachane na ule mfereji. Wewe mwenyewe usimame mahali pakavu, na viatu vya raba miguuni. Fimbo ikiwa imelowa, haina kazi. Chuma usijaribu.

Stima ikishazimwa, sasa mguse. Muite jina, mtingishe bega, angalia kifua kama kinapanda na kushuka. Akiwa anapumua lakini hajijui, mlaze kwa ubavu. Akiwa hapumui, ama anavuta pumzi moja moja kama mtu anayekoroma, moyo huenda umesimama na hakuna muda wa kujadiliana. Mmoja apige simu, 999 ama 1199 ya Msalaba Mwekundu, na atafute gari. Mwingine apige magoti, aweke viganja viwili katikati ya kifua, mikono imenyooka, abonyeze kwa nguvu mpaka kifua kishuke kama sentimita 5, halafu akiachie kirudi juu. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mara mbili kila sekunde. Kama umefunzwa kupuliza hewa mdomoni, unapuliza mara 2 baada ya kila mara 30. Kama hujafunzwa, endelea kubonyeza tu. Mkichoka, mbadilishane, lakini msiache mpaka apumue ama wahudumu wafike.

Hapa naomba tuwache ile hekima ya mtaani. Maziwa hayatoi stima mwilini. Kumfukia mtu kwa mchanga hakutoi stima mwilini. Stima haikai ndani ya mtu ikingoja kutolewa. Ikizimwa, imeisha. Kinachobaki ni madhara iliyoacha, na dakika unazotafuta maziwa ni dakika ambazo kifua chake hakibonyezwi.

Akiamka aseme "niko sawa," bado mpeleke hospitali, kama ile ya rufaa ya Kaunti hapo Nyeri mjini. Stima inaweza kuacha kidonda kidogo kama shilingi kwa ngozi na ndani imechoma misuli vibaya. Inaweza pia kuvuruga mpigo wa moyo. Akikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, hiyo ni misuli iliyoharibika inaingia kwa figo, na ni dharura. Palipoungua pamwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Mafuta na dawa ya meno zikae kwa rafu.

Sasa waya ya nje. Hapa sheria ni tofauti, na hapa ndipo watu hukosea zaidi. Ile fimbo ya ufagio sahau. Waya za juu barabarani zinaweza kubeba volti 11,000 ama 33,000, na kwa hizo hata mti unaouona mkavu unaweza kukupitishia stima. Kwa kuangalia tu huwezi kujua ni waya gani imeanguka, kwa hivyo zote zichukulie kuwa zile kali.

Waya iliyoanguka si lazima itoe cheche ama ilie. Inaweza kulala kimya kwa majani kama kamba ya ng'ombe na bado iko moto. Na hata ikiwa imekufa, swichi za laini zingine hujaribu kurudisha stima zenyewe baada ya sekunde chache. Halafu kuna ardhi. Stima inasambaa kwa udongo kuzunguka waya, kali hapo karibu na hafifu kadiri unavyotoka. Ukipiga hatua ndefu, mguu mmoja uko kwa stima nyingi na mwingine kwa kidogo, basi inapanda huku na kushukia kule. Kaeni angalau mita 10. Ukijipata uko karibu, unganisha miguu na uburute viatu pole pole bila kuinua mpaka utoke.

Maji yanafanya iwe mbaya zaidi. Tarehe 2 Februari 2022, huko Kinshasa, waya ya stima kali ilikatika ikaangukia soko la Matadi-Kibala, mahali palipokuwa na maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wakiwa kina mama wa sokoni. Sasa fikiria msimu wa mvua hapa kwetu, mitaro imejaa, na waya imelalia ua wa seng'enge wa shosho. Ua wote, kutoka geti hadi nyuma ya choo, unaweza kuwa na stima. Vilevile mabati, na kamba ya nguo ya waya. Kuzima meni swichi yako hakutasaidia, kwa sababu hiyo stima haijapitia kwa mita yako.

Kwa hivyo kazi ni tatu: zuia watoto na mifugo, simamisha watu pande zote mbili za barabara, na upigie Kenya Power 97771. Wape namba iliyoandikwa kwa nguzo ukiweza kuisoma ukiwa mbali. Na kama mtu amelala karibu na hiyo waya, utasimama hapo mita 10 ukimuita, bila kumkaribia, mpaka watu wa stima wathibitishe imezimwa. Najua inauma kusoma. Itauma zaidi kufanya.

Swali langu kwa watu wa ploti ni moja. Mita zetu nyingi ziko kwa kisanduku kimoja cha chuma hapo kwa geti, na kina kufuli. Stima ikimshika mtu saa nane usiku, funguo iko kwa nani? Kama jibu ni keateka na keateka analala Skuta, ongeeni na landilodi leo.