Jiwe Likilowa

Jumatatu, 4 Machi 2024

Lori la kwanza la kokoto limemwagwa Riruta asubuhi, kwa ajili ya barabara ya mtaa na mitaro yake ya konkriti. Dereva ameniambia, "Mama, hii balasti ni chuma. Usijisumbue." Nimeokota jiwe moja la kijivu nikaligonga kwa nyundo. Likalia kama kengele, jinsi fonolaiti nzima inavyolia. Hata jina lake kwa Kigiriki lina maana ya jiwe lenye sauti. Nimeokota la pili, lenye ngozi ya hudhurungi. Hilo limetoa mshindo mzito usiolia. Nimelidondoshea tone la maji, likanywewa papo hapo. Mawe yote mawili yametoka katika lori moja.

Sampuli sikuchota chini ya lundo, maana mawe makubwa huporomoka yakakusanyika huko. Nimechimba pande mbalimbali, nikachanganya, nikatandaza duara na kuligawa mafungu manne. Mafungu mawili yanayotazamana ndiyo niliyobeba hadi maabara mjini.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda machimboni, ng'ambo ya Mlolongo. Ukuta wa mwamba una ngazi mbili. Ngazi ya chini ni ya kijivu iliyokolea, nyufa ni chache. Ya juu imegeuka rangi, na ndani ya nyufa zake mna udongo laini ambao kucha inaukwangua. Msimamizi amekiri kwamba wiki hizi wanapasua ya juu, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na mashine ya kusaga. Nimejaza magunia mawili: "Juu" na "Chini". Sampuli ya Riruta inafanana na Juu.

Jumatano, 6 Machi

Leo ni zamu ya pipa la Los Angeles. Nimeosha kokoto, nikazikausha na kupima gramu 5,000 kwa kila sampuli. Zimeingia pipani pamoja na mipira 11 ya chuma, na pipa likazunguka mara 500, kama robo saa hivi. Ndani yake kuna ubao wa chuma unaonyanyua mawe na mipira kisha kuviachia vianguke. Kwa kelele yake, huwezi kusemezana na mtu.

Baadaye nimechekecha kwenye tundu za milimita 1.7. Chini zimebaki gramu 4,050, yaani imepoteza asilimia 19. Juu zimebaki 3,650, hasara ya asilimia 27. Mkataba wetu unaruhusu hadi 30. Kwa kipimo hiki peke yake, Juu imepita, na mwenye haraka angesaini leo. Lakini pipa hupima jiwe kavu, na barabara ya Riruta haitakaa kavu.

Alhamisi, 7 Machi

Kipimo cha asilimia kumi ya unga. Kokoto za kati ya milimita 10 na 14 hujazwa kwenye silinda ya chuma kwa tabaka tatu, kila tabaka likishindiliwa mara 25. Kisha mashine husukuma pistoni kwa dakika 10. Tunatafuta nguvu ambayo ikitumika, sehemu moja kati ya kumi ya mawe itasagika hadi kupita chekeche ya milimita 2.36.

Juu, ikiwa kavu: nguvu ya kilonyutoni 240, unga asilimia 9.2. Haikuangukia kumi kamili, kwa hiyo nimetumia fomula:

```
F = 14f / (m + 4)
F = 14 × 240 / 13.2 = 254.5
```

Hapo f ni nguvu, m ni asilimia ya unga. Tunakadiria kuwa 250. Ni jiwe la kutosha kabisa. Kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 882, kilitaka 150 tu hata kwa konkriti ya sakafu za kazi nzito.

Kabla ya kuondoka nimeloweka sampuli nyingine za Juu na Chini, saa 24.

Jumamosi, 9 Machi

Jana nimezitoa majini, nikazifuta maji ya juu kwa kitambaa na kuzibana. Kijana anayejifunza nami alitaka kuchekecha palepale. Nimemzuia: unga uliolowa hung'ang'ania mawe, haupiti tunduni, na jiwe baya huonekana zuri. Ni lazima likauke kwanza. Zimelala kwenye tanuri, na asubuhi hii tumechekecha.

Juu iliyolowa: nguvu 140, unga asilimia 11. Fomula imetoa 130.7, tunaandika 130. Imebakiza karibu nusu tu ya nguvu yake kavu. Kusini mwa Afrika wahandisi hutaka jiwe libakize angalau asilimia 75. Chini imeshuka kutoka 310 hadi 280, ambayo ni asilimia 90.

"Mwalimu, maji yamefanya nini kwa siku moja?" kijana ameuliza. Nimempeleka kwenye kioo cha kukuza. Kingo za vipande vya Juu vilivyovunjika zina utando wa udongo. Madini ya mwamba huo yalikwisha kuanza kugeuka udongo tangu ukiwa mlimani. Udongo ukiwa mkavu hushika. Ukinywa maji hufura na kuteleza.

Jumatano, 13 Machi

Kipimo cha chumvi ya sodiamu salfeti, kilichoanza Jumatatu jioni. Usiku mawe hulala kwenye maji ya chumvi saa 16 hadi 18. Mchana hukaushwa tanurini kwa nyuzi 110. Chumvi hubaki ndani ya vitundu vya jiwe, na kila likirudi majini fuwele hukua na kusukuma kutoka ndani. Ni mizunguko mitano, na haiharakishwi. Nimemaliza wa pili leo. Kwenye trei ya Juu kuna magamba membamba, na jiwe moja limepasuka vipande vitatu bila kuguswa.

Jumatatu, 18 Machi

Mzunguko wa tano uliisha Jumamosi. Nimeosha mawe mpaka maji ya mwisho, nikiyatilia kloridi ya bariamu, hayakuingia ukungu. Hapo nimejua chumvi imetoka yote. Ingebaki, uzito wake ungeficha hasara. Kati ya gramu 1,000, Chini zimebaki 962, hasara ya asilimia 3.8. Juu zimebaki 791, hasara ya asilimia 20.9. Mwisho unaokubalika ni 12.

Najua kipimo hiki kina udhaifu: maabara mbili zinaweza kupata majibu yanayotofautiana kwa sampuli ileile. Ndiyo maana sikukitegemea peke yake. Lakini tone la maji, silinda na chumvi vimesema neno moja.

Jioni nimeshuka matatu Kawangware nikapita kwenye mtaro uliochimbwa karibuni. Udongo mwekundu wa upande huu wa Nairobi ulikuwa mwamba wa volkano, ukaozeshwa na maji na muda. Jiwe la ngazi ya juu liko njiani kuwa udongo kama huo.

Ripoti nimeisaini: lundo lililomwagwa Riruta liondolewe lote, maana kulichambua jiwe kwa jiwe haiwezekani. Ngazi ya chini imekubaliwa, na kila inapohamishwa sehemu ya kupasulia, sampuli ichukuliwe upya. Na wewe utakayeshika daftari hili baada yangu, usikubali kokoto kwa cheti cha jiwe kavu. Iloweshe kwanza, ndipo uipime.